Kutoka Ggaba hadi Busia wakati wa mvua: safari ya kurudi tupu ndiyo ya kuogopwa

GGABA, Kampala – Kazi katika mwalo wa Ggaba, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, huanza kabla jua halijachomoza. Boti zinapofika, samaki hupimwa, dagaa ambao Waganda huwaita mukene hutiwa viroba, na magari ya mizigo hujipanga kuelekea mjini. Misimu ya mvua hapa ni miwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na mara nyingi mvua inayotoka ziwani hufika nchi kavu saa hizo hizo za asubuhi.

Tuchukue mfano wa Kanta moja inayobeba tani tatu na nusu za dagaa kwenda Busia, mpakani na Kenya. Njia yake inapanda Bunga, inashuka Kansanga na Kabalagala, inashika barabara ya Jinja, inapita msitu wa Mabira, inavuka Nile, kisha Iganga na Bugiri hadi mpakani. Ni takriban kilometa 200. Baada ya kushusha mzigo, gari hurudi Kampala tupu au likiwa na vitu vichache tu.

Madereva wengi huogopa safari ya kwenda kwa sababu ya uzito, na wakati wa kurudi hujiachia. Kwenye lami kavu wana sababu. Kwenye lami iliyofunikwa na maji mambo hugeuka, na makala hii inaeleza kwa nini, na dereva afanye nini.

Maji chini ya tairi

Kwanza kuna utelezi wa dakika za mwanzo. Mvua inapoanza baada ya siku kadhaa za jua, lami ina vumbi, mafuta yaliyodondoka na mpira uliosagika. Matone ya kwanza huchanganya vitu hivyo kuwa utando laini. Kwenye barabara ya Ggaba kuna nyongeza yake, kwani njia nyingi za pembeni ni za udongo mwekundu, na kila bodaboda na kila gari linaloingia barabara kuu huleta tope lake juu ya lami. Mvua kubwa ikinyesha kwa muda hosha hosha yake huondoa utando huo, lakini wakati huo tatizo la pili linakuwa limeanza, nalo ni wingi wa maji.

Ili tairi lishike barabara ni lazima lisukume maji pembeni. Hesabu yake ni rahisi. Tairi lenye upana wa sentimeta 20, likipita kwenye maji ya kina cha milimita 3 kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, linatakiwa kuondoa lita 13 za maji kila sekunde. Hiyo ni jerikeni ya lita 20 kwa sekunde moja na nusu, kwa tairi moja tu. Ukipunguza mwendo hadi kilometa 60, kazi hiyo inashuka kuwa lita 10 kwa sekunde.

Maji hayo hupita kwenye mifereji ya kashata za tairi. Kashata zikiisha, mifereji inakuwa haina kina na maji hayana pa kwenda. Yanabaki mbele ya tairi, yanajikusanya kama kabari, na mwishowe yanaliinua. Tairi halikanyagi tena lami, linaelea. Kuanzia hapo usukani na breki havina kazi, kwa sababu vyote viwili hutegemea mpira kugusa barabara.

Mwaka 1963 watafiti wawili wa shirika la NASA la Marekani, Walter Horne na Robert Dreher, walitoa kanuni ya kukadiria mwendo ambao tairi huanza kuelea pale maji yanapokuwa ya kina kuliko mifereji yake inavyoweza kuondoa. Kwa kilometa kwa saa, unachukua kipeuo cha pili cha upepo wa tairi katika pauni na kukizidisha kwa takriban 16.7. Pikapu yenye pauni 36 ina kipeuo cha 6, hivyo huanza kuelea karibu na kilometa 100 kwa saa. Pikapu hiyo hiyo ikiachwa upepo ushuke hadi pauni 25, kipeuo ni 5, na kuelea huanza karibu na kilometa 83. Pauni 11 zilizopotea zimemnyang'anya dereva kilometa 17 za usalama, naye hana habari.

Kwa nini lori tupu

Msafirishaji akiitazama kanuni hiyo anaweza kujifariji. Tairi la lori lina pauni 100 au zaidi, na kwa hesabu ile lisingeelea hadi kilometa 167 kwa saa, mwendo ambao hakuna lori linalouweza. Lakini malori hupoteza mshiko kwenye maji kwa mwendo wa kawaida wa barabara kuu, hasa yakiwa tupu. Horne mwenyewe alilirudia suala hili, na mwaka 1984 alionyesha kwamba kanuni ya mwanzo haitoshi kwa malori, kwani sura ya sehemu ya tairi inayogusa barabara nayo ina neno.

Lori likiwa na mzigo, tairi linabonyea na kukanyaga eneo refu. Sehemu ya mbele ya eneo hilo inasukuma maji, na sehemu ya nyuma inapata lami iliyokwisha safishwa. Mzigo ukishushwa huku upepo ukibaki ule ule wa pauni 100, tairi halibonyei tena. Eneo linalokanyaga linabaki fupi na pana. Maji hayapati muda wa kutoka kabla tairi halijapita juu yake, na kuelea kunaweza kuanza kwa mwendo ambao dereva huuona wa kawaida kabisa.

Katika Kanta yetu, sehemu kubwa ya uzito wa dagaa ilikuwa juu ya ekseli ya nyuma. Ilipobaki Busia, ekseli hiyo ndiyo iliyopungukiwa zaidi. Matairi yake ya nyuma sasa ni mepesi, yana upepo wa kubeba tani tatu na nusu, na breki zake zina nguvu za kusimamisha tani hizo. Ukikanyaga breki kwa ghafla kwenye maji, magurudumu ya nyuma yanakuwa ya kwanza kukama. Nyuma ya gari inaanza kutaka kupita mbele. Kwa lori la trela hali hiyo ndiyo inayolikunja kama kisu, kichwa upande mmoja na trela upande mwingine.

Kwa sababu hiyo hiyo, breki ya ekzosi ambayo ni rafiki wa dereva kwenye mteremko mkavu inageuka adui kwenye utelezi. Inafanya kazi kwa magurudumu yanayosukumwa na injini tu, na gari tupu lina uzito mdogo juu ya magurudumu hayo. Izime kabla ya mteremko wenye maji, chagua gia ya chini mapema, na ushuke taratibu. Wala usiweke gari huru bila gia ili kubana mafuta. Gari lisilo na gia linakuachia breki za miguu peke yake, wakati ambapo hizo ndizo hutaki kuzitumia kwa nguvu.

Haifai kupunguza upepo Busia ili matairi yabonyee, kwa maana mzigo ukipatikana njiani tairi litapata joto na kupasuka. Linalowezekana ni kupunguza mwendo. Mvua inapokuwa nzito kiasi kwamba maji yanasimama juu ya lami, Kanta tupu isizidi kilometa 60, na iwe chini ya hapo kama kashata zimekaribia milimita 3. Chukua kijiti cha kiberiti, weka alama ya milimita 3 kutoka nchani, na ukichomeke kwenye mfereji wa katikati wa tairi. Alama ikibaki nje, tairi hilo limefikia mahali pa kubadilishwa kabla ya msimu wa mvua. Vinundu vidogo vilivyo ndani ya mifereji huonyesha milimita 1.6. Kashata zikilingana navyo, tairi hilo halina tena uwezo wa maana kwenye maji.

Dalili, na la kufanya

Kuelea hutoa dalili. Usukani unakuwa mwepesi ghafla. Sauti ya maji chini ya gari inabadilika. Kama magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoelea, injini inapandisha mzunguko bila gari kuongeza kasi. Dalili nyingine huja mapema zaidi nayo iko kwenye kioo cha pembeni. Ukiona matairi yako yanaacha nyuma yake michirizi miwili myeusi kwenye maji, bado yanagusa lami. Michirizi hiyo ikianza kufifia na kufungwa na maji mara moja, punguza mwendo wakati bado unaweza.

Gari likishaanza kuelea, ondoa mguu kwenye kanyagio la mafuta polepole. Usikanyage breki. Shika usukani kuelekea unakotaka kwenda bila kuukata, kwa sababu matairi yakirudi kwenye lami yakiwa yamekatwa, gari litaruka upande huo. Subiri. Kwa kawaida ni sekunde moja au mbili, ingawa zitakuwa ndefu. Ukisikia usukani umekuwa mzito tena, gari limerudi chini.

Maji ya kina ni jambo jingine. Kampala ina mabonde yanayofurika haraka, na eneo la mnara wa saa karibu na mfereji wa Nakivubo linajulikana kwa hilo. Maji yanayotembea kukatiza barabara yasivukwe hata kama gari la mbele limepita, kwani huwezi kuona kilichobaki chini. Mei 2023 mvua iliharibu barabara kuu ya Kampala kwenda Masaka katika daraja la Katonga, barabara ikafungwa na magari yakalazimika kuzunguka kwa njia ndefu. Maji huchimba chini, na lami inaweza kuonekana nzima juu ya shimo. Ukivuka dimbwi lililosimama ambalo unalijua, kanyaga breki kidogo kidogo kwa mita kadhaa baadaye ili zikauke, kwa sababu breki zilizolowa hazishiki ipasavyo.

Nafasi kati ya magari

Kwa mwendo wa kilometa 80 gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Dereva anahitaji sekunde moja na nusu kuona hatari na kuhamisha mguu, na hizo ni mita 33 kabla breki haijaguswa. Tukichukua lori lenye breki nzuri kwenye lami kavu, litahitaji mita nyingine 49 hivi kusimama. Jumla ni 82. Mvua ikipunguza mshiko kwa nusu, sehemu ya breki inafika mita 99 na jumla inakuwa 132.

Sasa punguza mwendo hadi kilometa 60 kwenye mvua hiyo hiyo. Mita 25 za kufikiri na 56 za breki zinafanya 81. Maana yake ni kwamba kilometa 60 kwenye mvua zinakurudishia umbali ule ule uliozoea kusimama ukiwa na 80 kwenye jua. Dereva anayetaka breki zake ziwe zile anazozifahamu ana njia hiyo moja.

Nafasi nyuma ya gari jingine hupimwa kwa sekunde, kwani mita ni vigumu kuzikadiria ukiwa barabarani. Chagua nguzo au kibao. Gari la mbele likikipita, anza kuhesabu: elfu moja na moja, elfu moja na mbili. Kwenye lami kavu gari dogo linahitaji angalau sekunde mbili. Kwenye mvua zifanye nne, na kwa lori la trela sita. Ukifika kwenye kibao kabla hujamaliza, uko karibu mno.

Lalamiko la madereva ni kwamba ukiacha nafasi, teksi au basi litaingia. Ni kweli litaingia. Rudi nyuma tena. Kila gari linaloingia linakugharimu sekunde chache tu, na nafasi hiyo ina faida nyingine: unatoka kwenye wingu la maji machafu yanayorushwa na matairi ya trela iliyo mbele, wipa zinapata nafuu, na unaiona barabara.

Ukungu na taa

Baada ya mvua ya usiku, ukungu unaweza kukaa mabondeni na ndani ya Mabira hadi asubuhi. Kwa wanaokwenda Rwanda, milima ya Kigezi kati ya Kabale na Katuna ndiyo yenye sifa hiyo, na kwa wanaoendelea hadi Nairobi ni nyanda za Limuru.

Katika ukungu tumia taa za chini, yaani dimu. Taa za juu hugonga matone yaliyo mbele na mwanga unarudi machoni mwako kama ukuta mweupe. Taa ndogo za kuegeshea peke yake nazo hazitoshi, hazionekani hata kwa aliye karibu. Taa za ukungu za mbele, kama zipo na zimefungwa chini, husaidia kuona kingo za barabara. Taa nyekundu kali ya ukungu ya nyuma iwashwe pale tu unapoona chini ya mita 100 hivi, na izimwe mara hali ikitengemaa, kwa kuwa inamwumiza macho anayekufuata na kuificha taa ya breki.

Usiwashe taa za hatari huku ukiendelea kutembea. Anayekuja nyuma atadhani umesimama, na indiketa yako haitaonekana ukitaka kukata. Taa hizo ni za gari lililosimama. Ukiharibikiwa, toa gari kabisa nje ya lami kama inawezekana, na weka pembetatu za kuakisi mbali vya kutosha. Desturi ya kutupa matawi ya miti barabarani haifai kitu kwenye ukungu, kwa sababu tawi haliakisi mwanga. Kati ya Lugazi na Kakira kumbuka pia trekta za miwa, ambazo taa zao za nyuma huweza kufunikwa na tope.

Mwendo wa ukungu unatokana na unachokiona. Kwa hesabu ile ya barabara yenye maji, kilometa 40 kwa saa zinahitaji mita 42 kusimama, na kilometa 30 zinahitaji 26. Hivyo, kama unaona mita 40, ambazo ni kama urefu wa Kanta sita, uwe chini kidogo ya 40. Kama ni mita 30, usizidi 30. Kanuni hii haifai juu ya hapo, maana kilometa 50 tayari zinadai karibu mita 60.

Kwa wavuka mipaka kuna jambo ambalo mafundi wengi hawaambiwi. Uganda, Kenya na Tanzania huendesha kushoto, wakati Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Taa za dimu hazimulikii sawa pande zote, hupanda kidogo upande wa ukingo wa barabara. Gari la Uganda likivuka Katuna, upande unaopanda unaelekea machoni mwa anayekuja. Simamisha gari usiku mita tano kutoka ukutani uangalie mstari wa mwanga. Ukipanda kuelekea kushoto, taa ni za Uganda. Ukipanda kuelekea kulia, taa ni za nchi za kulia, na magari kadhaa yaliyonunuliwa kutoka bara la Ulaya yako hivyo. Anayevuka mara moja moja anaweza kuziba kipande hicho cha lenzi kwa gundi nyeusi ya umeme na kuibandua akirudi. Kagua pia urefu wa taa baada ya kupakia, kwa sababu mzigo ukikaa nyuma pua ya gari huinuka, na dimu inageuka kuwa taa ya juu kwa wengine.

Dakika kumi na tano

Mwenye mzigo atauliza yote haya yanamgharimu nini. Tuseme katika kilometa 200 za kurudi kutoka Busia, mvua kubwa imeshika kilometa 60. Kwa mwendo wa 80, kipande hicho kingechukua dakika 45. Kwa mwendo wa 60 kinachukua saa moja. Tofauti ni dakika 15 kwa safari nzima, muda ambao foleni ya kuingia Kampala peke yake inaweza kuumeza bila mtu kuulizwa.

Gari tupu halina samaki wa kuharibika, na hapo sababu ya haraka inakuwa imekwisha. Inayobaki ni simu ya mwenye gari inayouliza umefika wapi, kwa kuwa anataka Kanta iwe Ggaba kabla ya boti za alfajiri. Ni busara malipo ya dereva na muda wa kufika vipangwe mapema kwa msimu wa mvua, ili dakika hizo 15 ziwe zimehesabiwa tangu Busia. Kabla ya kuondoka huko, dereva apime upepo matairi yakiwa ya baridi, achomeke kijiti kwenye kashata za nyuma, afute taa na kujaribu wipa. Kisha, mvua ikimkuta Bugiri, azime breki ya ekzosi, ashuke hadi 60 na kuanza kuhesabu sekunde nne nyuma ya lori la mbele.